Kufunga mfumo wa mishahara Desemba: anza na walioacha kazi

"Dada, hii kitu inanikata dola kila mwezi na mimi nina mafundi 11 tu. Tarehe 31 uifunge."

Ndivyo alivyoniambia mteja wangu mmoja mwenye karakana ya samani, wiki ya pili ya Desemba 2025. Wala sikumbishia. Mfumo wenyewe ni wa kulipia kwa kadi, wa kampuni ya nje, na mishahara ya watu 11 inakaa vizuri kabisa kwenye Excel. Nilimwomba jambo moja tu, kwamba tarehe isiwe 31 Desemba.

Mshahara wa Desemba hauishi Desemba. PAYE yake inatakiwa TRA ifikapo tarehe 7 Januari, na mchango wa NSSF una mwezi mzima baada ya Desemba kwisha. Katika siku hizo ndipo fundi anakuja na saa zake za ziada zilizosahaulika, au benki inarudisha malipo kwa sababu namba ya akaunti imekosewa, na wewe unarudi kwenye mfumo kusahihisha. Ukikuta umefungwa, unasahihisha nje ya mfumo, na kuanzia hapo kumbukumbu zako zina Desemba mbili zisizofanana. Kwa hiyo tulilipia Januari pia. Kama malipo yako ni ya mwaka na yanajirudia yenyewe, zima kujirudia mapema, kisha uwaombe wakuhamishie kwenye malipo ya mwezi kwa mwezi mmoja au miwili. Ni gharama ndogo ukilinganisha na usumbufu wa kukosa mfumo wiki ya kwanza ya mwaka.

Na angalia unabonyeza wapi. `Cancel subscription` inasimamisha malipo, na mifumo mingi bado itakuacha uingie kusoma kwa muda fulani. `Delete account` inafuta kila kitu. Kwenye ukurasa wa mipangilio vitufe hivi huwa vimekaa jirani.

Sasa sheria inataka nini. Sheria ya Usimamizi wa Kodi ya 2015 inadai nyaraka za kodi zitunzwe angalau miaka mitano, na hesabu inaanzia mwisho wa mwaka wa mapato unaohusika. Maana yake slipu ya Januari 2025 na ya Desemba 2025 zina umri mmoja: zote zinakaa hadi 31 Desemba 2030. Hapo watu wengi wanaelewa. Wanapoteleza ni kwenye Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004. Ile nayo inasema miaka mitano, ila kwa maelezo ya ajira ya mfanyakazi (cheo, tarehe ya kuanza, mshahara, saa za kazi) miaka hiyo inahesabiwa tangu ajira ilipokoma. Fundi aliyeajiriwa 2016 akaondoka Aprili 2025, karatasi yake ya 2016 bado unaihitaji hadi Aprili 2030. Akienda kulalamika kwamba mlikubaliana mshahara mkubwa zaidi na wewe huna maandishi, mzigo wa kuthibitisha unakuangukia wewe mwajiri, si yeye.

Kwa maneno mengine, walioondoka ndio wa kuangaliwa kwanza, na ndio hao hao mifumo inaowaficha.

Nilipakua ripoti ya mwaka mzima kwa mteja wangu, faili safi ya CSV, jumla zimekaa chini vizuri. Zamani ningeishia hapo. Lakini nina tabia niliyoipata kwa maumivu: kabla sijaiamini ripoti yoyote ya mfumo, naipambanisha na fedha zilizotoka kweli. Nachukua risiti za malipo ya PAYE za miezi 12, najumlisha, naweka pembeni ya jumla ya ripoti. Ripoti ilikuwa pungufu kwa shilingi 466,000.

Mwenye karakana alikuwa amekaa pembeni. "Kwa hiyo nimewazidishia TRA?" Macho yakamtoka kwa matumaini. Nikamwambia asubiri.

Sababu ilikuwa kichujio. Juu ya ripoti palikuwa na neno `Active`, ambalo mfumo huliweka wenyewe, na maana yake ni kwamba ripoti inawaorodhesha walio kazini leo tu. Aliyeondoka Aprili anatoweka pamoja na miezi yake minne yote ya kulipwa. Mtu wa kwanza kumkumbuka alikuwa fundi mkuu aliyekuwa akilipwa 900,000. Ukitoa NSSF ya asilimia 10 inabaki 810,000 ya kutozwa kodi. Kwa viwango vilivyotumika mwaka huo, 760,000 za kwanza zinabeba kodi ya 68,000, na 50,000 iliyozidi inatozwa asilimia 25, yaani 12,500. Jumla 80,500 kwa mwezi, mara miezi minne ni 322,000. Wa pili, mchoraji wa mshahara wa 600,000, aliondoka mwisho wa Juni. Baada ya NSSF inabaki 540,000, kodi yake 24,000, mara sita ni 144,000. Jumlisha mbili hizo unapata 466,000 kamili.

Hapo mtu angejipongeza na kufunga laptopu. PAYE imelingana hadi shilingi ya mwisho.

Nilipoirudia kazi ile ile kwa NSSF, haikulingana. Risiti za NSSF zilizidi ripoti kwa 1,980,000. Wale wawili wanaeleza 720,000 kila mmoja, kwa sababu mchango wa mwajiri na mfanyakazi kwa pamoja ni asilimia 20: 180,000 mara miezi minne kwa fundi mkuu, na 120,000 mara sita kwa mchoraji. Imebaki 540,000. Ukigawa kwa tisa unapata 60,000, ambayo ni asilimia 20 ya 300,000. Alikuwepo kijana msaidizi wa mshahara huo, aliyeondoka mwisho wa Septemba, na mwenye karakana mwenyewe alikuwa ameshamsahau. PAYE isingeweza kumwonyesha hata siku moja: 300,000 ukitoa 30,000 ya NSSF inabaki 270,000, na hapo ndipo kodi inapokuwa sifuri. Ndiyo maana sitegemei kipimo kimoja. PAYE haiwaoni wa mishahara midogo, NSSF inawaona.

Tulibadilisha kichujio kuwa `All`, tukapakua upya, na safari hii walitoka watu 14. Tukapambanisha tena PAYE, NSSF na mishahara halisi iliyotoka benki. Vyote vitatu vikakaa. Pakua pia ripoti ya kila mwezi peke yake, siyo ya mwaka tu. SDL, ile tozo ya kuendeleza ujuzi, inawahusu waajiri wenye wafanyakazi 10 na kuendelea, hivyo mwaka karakana ikishuka chini ya hapo utatakiwa uonyeshe nani alikuwepo mwezi gani.

Kuna mtego mwingine ndani ya hiyo CSV. Usiifungue kwa kuibonyeza mara mbili. Namba ya NIDA ina tarakimu 20, na Excel inashika tarakimu 15 za kwanza tu za namba yoyote. Kama mfumo wako umetoa namba bila vistari, utaona kitu kama `1.99E+19`, na ukipanua safu utakuta tano za mwisho zimegeuka sifuri. Ukihifadhi faili hapo, umezipoteza, kupanua safu hakuzirudishi. Akaunti za benki zinazoanza na sifuri nazo zinapoteza sifuri zake. Fungua Excel tupu, nenda `Data`, chagua `From Text/CSV`, bonyeza `Transform Data`, kisha safu za NIDA, akaunti na namba za NSSF uziweke kuwa `Text` kabla ya kuziingiza, na Excel ikikuuliza chagua `Replace current`. Faili ya asili iache kama ilivyotoka, usiiguse, fanyia kazi nakala.

Baada ya takwimu, kaa utafute vitu ambavyo ripoti haivibebi. Kwenye mfumo ule historia ya mabadiliko ya mshahara ilikuwa kwenye ukurasa wa kila mfanyakazi peke yake: lini kapandishwa, nani kaandika. Hakukuwa na kitufe cha kuitoa yote kwa pamoja, ikabidi nihifadhi kurasa 14 kuwa PDF, moja moja. Inachosha, nakubali. Lakini mkaguzi akiuliza kwa nini mshahara wa mtu umeruka mwezi Julai, jibu liko pale na si kwenye slipu. Mikataba iliyoskaniwa nayo ilikuwa sehemu yake, inapakuliwa kwa njia nyingine kabisa. Wenye mfumo wa hesabu waangalie hivyo hivyo picha za risiti walizobandika kwenye miamala, kwa sababu leja ikipakuliwa mara nyingi inaziacha nyuma.

Halafu salio la 31 Desemba la mikopo ya wafanyakazi na la siku za likizo. Haya si ya mkaguzi, ni ya kwako. Fundi akiondoka Machi lazima umlipe likizo yake ambayo hakuichukua, na kama ulifunga mfumo bila kunakili salio, mtabaki kuaminiana kwa mdomo. Mpe kila mtu karatasi ya salio lake aisaini Januari, wakati bado mnaelewana.

Kuhifadhi kwenyewe hakuna ufundi mkubwa. Folda moja ya 2025, ndani yake miezi 12, risiti za TRA na NSSF kwenye mwezi wake pamoja na slipu, na folda ya pembeni yenye faili la kila mfanyakazi. Nakala moja kwenye diski ya nje inayokaa kabatini ofisini, nyingine kwenye hifadhi ya mtandaoni iliyo kwa jina la biashara, si kwenye baruapepe ya karani ambaye naye kesho ataondoka. Fleshi siipendi kwa kazi hii, miaka mitano ni mingi kwake. Na tafadhali msitumiane hizi faili kwenye kundi la WhatsApp, zina NIDA na mishahara ya watu.

Katikati ya Februari, baada ya kufungua faili zote kwenye kompyuta ambayo haijawahi kuingia kwenye ule mfumo na kuona zinasomeka, tulisitisha malipo. Kisha nikawaandikia kampuni wafute taarifa za wafanyakazi wetu na wanijibu kwa maandishi kwamba wamefuta. Tangu tuwe na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 sipendi kuacha NIDA za mafundi kwenye kompyuta za watu ambao hatuwalipi tena. Jibu lilikuja baada ya siku tisa, nalo tukaliweka kwenye folda.

Juu ya diski nimebandika karatasi: kodi 2025, isifutwe kabla ya 1 Januari 2031. Faili za wafanyakazi hazina tarehe hiyo. Walioondoka watatu kila mmoja ana yake, na wale 11 bado sehemu ya tarehe iko wazi.