Kujua utafutaji mbovu kabla mteja hajabofya

*Swali: Mhandisi, habari. Ninatunza programu ya kutafuta bidhaa kwenye tovuti ya duka letu la vifaa vya ujenzi hapa Nairobi. Tunatumia Lucene, na bidhaa ni kama 40,000. Maneno mengi yanatafutwa mara moja tu kwa mwezi, kwa hiyo nikingojea mibofyo nitangoja mpaka nizeeke. Kuna njia ya kukisia, pale pale majibu yanapotoka, kwamba majibu haya hayafai? Nilijaribu kupima uadimu wa maneno lakini inanidanganya. — Msomaji, Kariobangi*

Njia ipo, na sehemu kubwa ya unachohitaji tayari unacho mkononi: zile alama ambazo Lucene inaipa kila bidhaa kabla ya kuzipanga. Usiangalie ukubwa wa alama. Angalia jinsi zinavyotawanyika.

Lakini tuanze na uadimu, kwa sababu nami niliwahi kuteleza hapo hapo nilipokuwa nikifanyia kazi duka moja la vipuri. Hoja yake inavutia. Neno linalopatikana kwenye bidhaa chache huchuja vizuri, kwa hiyo utafutaji wenye maneno adimu unapaswa kuleta majibu mazuri, nao ule wa maneno ya kila siku ulete mchanganyiko. Tena ni hesabu rahisi, haihitaji hata kutafuta kwanza. Shida ni makosa ya herufi. Chukua neno "mabati", ambalo tuseme limo kwenye bidhaa 1,200 kati ya 40,000. Kwa hesabu ya Lucene, uadimu wake ni kama 3.5. Sasa mtu anaandika "mabti", na kwa bahati mbaya karani wenu naye aliwahi kukosea hivyo hivyo kwenye bidhaa moja. Neno hilo linapata uadimu wa 10.2. Kipimo kinakuambia huu ndio utafutaji bora wa siku, kumbe mteja ameoneshwa kitu kimoja tu, na labda kimeisha stoo. Ndiyo maana kinakudanganya. Uadimu unajua maneno yalivyo kwenye faharasa, haujui kilichorudi.

Kipimo ninachokupendekezea kilitolewa na Shtok, Kurland na Carmel mwaka 2009, na kwa kifupi huitwa NQC. Unachukua alama za majibu ya juu, unatafuta mkengeuko sanifu wake, yaani kwa kawaida kila alama iko mbali kiasi gani na wastani wa alama zote, kisha unagawanya kwa kiasi kinachowakilisha utafutaji wenyewe ili utafutaji wa maneno manne usionekane bora kuliko wa maneno mawili kwa urefu tu. Mantiki yake ni hii. Programu ikiwa imepata bidhaa zinazolingana kweli na maneno, hizo hupanda juu na kuziacha nyingine nyuma. Ikiwa haijapata, bidhaa zote za juu zinakuwa zimeokota neno moja moja kwa kubahatisha, na alama zao zinabanana kama abiria wa matatu ya saa kumi na mbili jioni.

Kwenye fomula ya asili, kigawanyo ni alama ambayo mkusanyiko wote ungepata kama ungekuwa hati moja. Kwa Lucene hilo lina usumbufu, kwa hiyo mimi hugawanya kwa jumla ya uadimu wa maneno yaliyotafutwa. Tangu toleo la 8, alama ya neno moja haiwezi kuzidi uadimu wake, mradi hujaliongezea uzito, kwa hiyo jumla hiyo ndiyo dari ya alama. Ni badiliko langu, usije ukaniambia halimo kwenye fomula yao.

```python
import math

def uadimu(N, df):
    return math.log(1 + (N - df + 0.5) / (df + 0.5))

def mtawanyiko(alama, dfs, N, k=20):
    a = alama[:k]
    m = sum(a) / len(a)
    s = math.sqrt(sum((x - m) ** 2 for x in a) / len(a))
    return s / sum(uadimu(N, d) for d in dfs)
```

Tufanye kwa mkono, tukitumia majibu matano tu ili hesabu ionekane. Namba ni za kubuni lakini zinaendana na duka la ukubwa wa lenu.

Fundi anaandika "bomba plastiki nusu inchi". Uadimu wa maneno yake manne ni 3.0, 4.0, 3.3 na 1.9, jumla 12.2. Alama za juu ni 8.2, 7.8, 7.1, 4.0 na 3.4. Wastani ni 6.1, mkengeuko ni 2.0. Ukigawanya kwa 12.2 unapata 0.16. Ukitazama zile alama unaona kabisa ngazi inapokatika: bidhaa tatu za kwanza zina maneno yote manne, ya nne ni bomba la inchi moja. Hapa mteja amehudumiwa.

Sasa mwenye ploti kule Kayole, mvua ya Aprili inamnyeshea mpangaji ndani, anaandika "dawa ya paa inavuja". Neno "ya" tunalitupa. "Dawa" lina uadimu wa 4.9, maana duka lina dawa ya mchwa, dawa ya mbao, dawa ya kuzibua choo. "Paa" lina 3.8. Na "inavuja" halipo popote kwenye katalogi, kwa sababu aliyeandika maelezo aliandika "uvujaji" na "kuzuia kuvuja". Kiswahili hubeba nafsi na wakati ndani ya kitenzi, na Lucene kwa mpangilio wake wa kawaida haijui kwamba hayo ni maneno ya shina moja. Alama zinarudi 3.0, 2.9, 2.8, 2.7 na 2.6. Wastani 2.8, mkengeuko 0.14.

Hapa kuna uamuzi ambao wengi huupita bila kuuona: lile neno ambalo halipo, unalihesabu kwenye kigawanyo au unaliacha? Ukiliacha, jumla ni 8.7 na unapata 0.016. Ukiliingiza kwa df sifuri, yaani idadi ya bidhaa zenye neno hilo ni sifuri, uadimu wake ni 11.3, jumla inafika 20 na kipimo kinashuka hadi 0.007. Lihesabu. Mteja alilitaja kwa kuwa ndilo lenye shida yake, na programu kushindwa kulipata ni habari mbaya ambayo kipimo kinapaswa kuibeba. Hata "mabti" ya bidhaa moja itajianika kwa kipimo hiki: jibu likiwa moja, mkengeuko ni sifuri. Ila majibu yakiwa chini ya matano, ni salama zaidi kuyatenga kwenye kapu lake, kwa sababu mtu aliyeandika namba kamili ya bidhaa naye hupata jibu moja, na ndilo alilotaka. Utafutaji usio na jibu lolote hauhitaji kukisiwa, na msimbo huo hapo juu utakwama ukiupelekea.

Usichukue hiyo 0.16 ukaifanya kiwango chako. Siku utakayoongeza uzito kwa jina la bidhaa dhidi ya maelezo, namba zote zitahama, na itabidi uchague mpaka upya.

Kosa kubwa la kipimo hiki utalikuta kwenye rangi. Mteja akiandika "rangi ya ukuta", atapata makopo ishirini ambayo maelezo yake yalinakiliwa, yakabadilishwa jina la rangi tu. Alama zinafanana karibu zote. Mtawanyiko ni karibu sifuri, kengele inalia, na majibu yote ishirini ni sahihi. Kwa duka lenye bidhaa za ukubwa na rangi tofauti, kengele za aina hii zitakuwa nyingi kiasi cha kukukatisha tamaa.

Dawa yake ni wazo la zamani zaidi, la Cronen-Townsend, Zhou na Croft, 2002. Wao walilinganisha maneno yanayotawala majibu ya juu na maneno ya mkusanyiko mzima: majibu yakizungumza lugha yao wenyewe, utafutaji una mwelekeo, yakifanana na mkusanyiko wote, umepotea. Kwa duka huhitaji kwenda mbali hivyo, kwa kuwa kila bidhaa tayari ina idara. Hesabu tu idara inayoongoza ina majibu mangapi kati ya ishirini. Kwa "rangi ya ukuta" ni 20. Kwa "dawa ya paa inavuja" utakuta labda 6 za viuatilifu, 5 za mabati, 4 za misumari na mengine huku na kule. Alama zikibanana na idara zikatawanyika, hapo ndipo piga kengele. Alama zikibanana lakini idara ni moja, nyamaza.

Hata hivyo kuna ubovu ambao hakuna hata kimoja kati ya vipimo hivi viwili kitakachouona. Mtu anaandika "mashine ya maji moto" akitaka ile ya kuogea, halafu anapewa pampu ishirini za kisima, kwa kuwa katalogi inaziita mashine za maji. Idara moja, majibu yameshikamana vizuri, na yote si aliyotaka. Vipimo hivi vinapima kama programu inajikanganya, basi. Ikikosea kwa kujiamini, utakamatwa na binadamu tu.

Ndiyo sababu kabla ya kuamini chochote, chukua utafutaji 60 bila kuchagua kutoka kwenye kumbukumbu zenu, ukiwemo ule wa mara moja moja. Mpe mhudumu wa kaunta, si mwandishi wa programu, aangalie majibu matano ya juu na kusema mangapi yangemfaa mteja. Kisha panga hizo 60 kwa kipimo chako na kwa hukumu yake, ulinganishe mpangilio kwa tau ya Kendall. Utafutaji 60 unatoa jozi 1,770. Tau ya 0.4, kama hakuna sare, maana yake jozi 1,239 zimepangwa sawa na mhudumu na 531 zimepinduka. Kwa kazi hii mimi ningeridhika nayo. Mashindano ya utafutaji ya TREC mwaka 2004 yalizitaka programu zipange mada 249 kwa ugumu wake, na utabiri ulithibitika kuwa mgumu hata kwa mabingwa, kwa hiyo usitarajie 0.8. Ukiipata, kagua kama yule mhudumu aliona alama zako kabla ya kuhukumu.

Kwa usahihi huo, usimwoneshe mteja ujumbe wowote. Andika tu orodha ya utafutaji ulioangukia chini, umpe anayetunza katalogi kila Jumatatu. Akishaona "inavuja", "inavujisha" na "yanavuja" zimefuatana, ataongeza visawe mwenyewe.