Stelingi inacheza katikati: utafute mlegeo kwanza, reki baadaye

*Swali: Fundi, nina Probox ninayoendesha Malindi hadi Mombasa. Usukani ukiwa katikati unacheza kama sentimita 4 kabla tairi hazijaitika, na nikifika 80 gari linatangatanga, lazima nilirekebishe kila saa. Nimebadilisha tairodi endi zote mbili na kufanya alaimenti, hali ni ile ile. Sasa naambiwa ninunue reki nzima. Ni kweli?*

Usinunue bado, ndugu yangu. Sentimita 4 ni nyingi. Kwa magari mengi ya Toyota mwisho unaoruhusiwa ni 3, ukipima kwenye ukingo wa usukani. Lakini hazihitaji ubovu mkubwa. Usukani ukizungushwa duara moja, ukingo wake husafiri zaidi ya mita 1, na reki hujongea sentimita 4 hadi 5 tu. Kwa hiyo mlegeo wa milimita 1 kwenye njia ya reki unaonekana mikononi mwako kama sentimita 2 na nusu. Ndiyo maana fundi anayetikisa tairi kwa nguvu akatazama kwa macho tu huupita ubovu bila kuuona.

Weka gari sakafu tambarare, tairi zikiwa chini na zimenyooka, breki ya mkono imevutwa. Injini iwake, kwa sababu pawa ikiwa haifanyi kazi usukani hujipinda kidogo kwa ndani na utadhani ni uchakavu. Mtu mmoja akae ndani, ausukume usukani kushoto na kulia polepole, sentimita chache tu. Wewe fuata mwendo ule kwa vidole, kuanzia juu kwenda chini.

Anza na jointi ya kolamu, ile iliyo karibu na miguu ya dereva. Shika mihimili yote miwili, wa juu na wa chini yake, kwa mkono mmoja. Ukihisi wa juu umetangulia na wa chini umechelewa, umeipata. Hapa kwetu pwani jointi hii huliwa na kutu, grisi ikishakauka, na mara nyingi hutoa mlio wa kugonga kwenye matuta. Kabla ya kuihukumu kaza boliti yake ya kubana, maana wakati mwingine ndiyo imelegea tu.

Kisha shuka chini ushike mpira wa reki, uubane mpaka ulisikie jicho la reki endi ndani yake. Nashuku sana hapa kwako. Watu hubadilisha tairodi endi ya nje kwa kuwa inaonekana, na ile ya ndani, iliyojificha kwenye mpira, hubaki imechakaa. Ikigonga vidoleni, ibadilishe. Tazama pia reki yenyewe: ikihama yote upande mmoja kabla tairi hazijageuka, bushi zake za kufungia ndizo zimekwisha.

Kipimo cha kuitenga reki ni hiki. Geuza usukani duara moja kushoto, rudia kusukuma, halafu duara moja kulia. Mchezo ukiwa uleule kila mahali, tatizo ni jointi au bushi. Ukipotea pembeni na kubaki katikati tu, meno ya reki yamelika pale yanapofanya kazi safari nzima. Hapo ndipo wengine hukaza skrubu ya reki. Ikazwe sehemu ya nane ya duara tu, kisha geuza usukani mwisho hadi mwisho, tairi zikiwa zimeinuliwa kwenye stendi. Ukigoma pembeni, rudisha. Reki iliyobanwa sana hairudi katikati yenyewe baada ya kona, na gari litatangatanga kuliko mwanzo. Meno yaliyolika hayaponi kwa skrubu. Reki ya aina hiyo ndiyo ya kubadilishwa.

Ukibadilisha reki endi, hesabu nyuzi za tairodi endi kabla ya kuifungua na uirudishe kwa idadi ileile. Nati yenye matundu ya pini ikishakazwa na tundu halijalingana, kaza zaidi kidogo, usilegeze. Pini iwe mpya. Kwenye jointi ya kolamu, weka alama kwenye mihimili na ufunge usukani usizunguke. Ukizunguka peke yake, utakata waya wa ndani wa honi na mkoba wa hewa.

Alaimenti hufanywa mwisho, mlegeo ukishaisha. Ile uliyoifanya ilipimwa juu ya jointi mbovu, kwa hiyo namba zake hazikusimama. Ukishamaliza, jaribu gari siku isiyo na upepo: Kusi likivuma ubavuni darajani Kilifi huweza kulisukuma hata gari zima. Pima pia presha ya tairi zote nne zikiwa baridi, ukifuata kibandiko kilichoko nguzoni mwa mlango wa dereva.