Ile Tamu Si Bandia: Laktulosi, Magnesia na Maji ya Tumboni

Msomaji mmoja wa Likoni ameniandikia kwa hasira. Mamake, mtu mzima wa miaka 66, alifunga choo baada ya kupewa vidonge vya kodeini vya maumivu ya mgongo. Akaandikiwa laktulosi, ile dawa ya maji tamu. "Mamangu ameinywa siku mbili asione kitu, tumbo likajaa gesi tu. Siku ya tatu nikamnunulia ile nyeupe, nikampa vijiko vinne vikubwa jioni, usiku kucha ni mbio za msalani. Ile tamu ni bandia?"

Sidhani. Dawa zote mbili zilifanya kazi yake sawasawa. Kilichokosewa ni kipimo na subira, na ili uone kosa liko wapi ni lazima ujue maji yale hutoka wapi.

Ukuta wa utumbo hupitisha maji kwa urahisi, huku na huko. Lakini maji hayaendi ovyo, hufuata chembe zilizoyeyuka. Penye chembe nyingi maji huhamia, mpaka ukali wa kilichomo utumbo ulingane na ukali wa damu, ambao ni kama miliosimoli 290 za chembe kwa kila lita. Ukila sukari ya kawaida, chembe zake hunyonywa na maji huzifuata mwilini. Sasa chukua chembe ambayo mwili hauwezi kuinyonya, au huinyonya kidogo sana. Hiyo hubaki utumboni na maji yake, hayaondoki kwa sababu mwenyewe haondoki. Kazi yote ya dawa hizi mbili imesimama hapo. Haluli ya chumvi waliyokunywa wazee ilifanya vivyo hivyo.

Laktulosi hutengenezwa kutokana na laktosi, sukari ya maziwa, ila sehemu moja ya sukari hiyo hugeuzwa. Matokeo yake ni galaktosi iliyoungana na fruktosi, na utumbo mdogo wa binadamu hauna kimeng'enya cha kukata kiungo hicho. Isipokatwa hainyonywi, basi husafiri nzima hadi utumbo mpana. Huko hukutana na bakteria, nao wanajua kuikata. Huigeuza kuwa asidi, hasa ya laktiki na ya asetiki, na hutoa gesi njiani. Molekuli moja ya sukari huzaa chembe kadhaa, kwa hiyo uwezo wa kushika maji hupanda, na asidi nazo huamsha misuli ya utumbo. Lakini utumbo mpana hunyonya sehemu ya asidi hizo, na maji yake hurudi mwilini. Ndiyo maana dozi ndogo mno inaweza kukuachia gesi bila choo: bakteria wamekula, wamepumua, na kilichobaki hakitoshi kulainisha kitu.

Turudi kwa mama wa Likoni. Chupa nyingi huwa na gramu 10 za laktulosi kwa kila mililita 15. Aliandikiwa mililita 15 asubuhi na 15 jioni, yaani gramu 20 kwa siku. Nilipomuuliza mwanawe anapimia nini, akaniambia kijiko cha chai. Kijiko cha chai ni mililita 5. Kwa hiyo mama alipata gramu 6.7, theluthi moja tu. Gramu 20 kabla ya bakteria kuzigusa zinaweza kushika kama mililita 200 za maji. Gramu 6.7 hazifiki hata mililita 70, na hapo kodeini inaendelea kuutuliza utumbo kila siku. Halafu hata angepewa kipimo kamili, laktulosi huchukua saa 24 hadi 48, wakati mwingine siku ya tatu. Inabidi ifike utumbo mpana, ichachuke, kisha isubiri choo kigumu kilichotangulia. Ukiihukumu asubuhi ya kesho yake unaionea. Gesi ya siku za mwanzo kwa kawaida hupungua yenyewe.

Ile nyeupe, yaani magnesia, ni mambo mengine. Ni unga wa magnesiamu haidroksaidi ulioelea majini, kwa kawaida miligramu 400 kwa kila mililita 5. Unga huu hauyeyuki vizuri, ndiyo maana hutulia chini ya chupa, na usipoitikisa wa kwanza anakunywa maji na wa mwisho anakunywa chokaa. Ukifika tumboni hukutana na asidi na kugeuka magnesiamu kloridi, ambayo huyeyuka barabara. Magnesiamu hunyonywa kwa uvivu, sehemu kubwa hubaki utumboni. Haingoji bakteria, hivyo kazi huanza kati ya nusu saa na saa sita.

Vijiko vinne vikubwa ni mililita 60, ambazo ni gramu 4.8 za dawa. Hizo ni kama milimoli 82 za magnesiamu, na kila moja huandamana na chembe mbili za kloridi. Jumla ni kama miliosimoli 246 za chembe. Gawanya kwa zile 290 za kila lita, unapata takriban lita 0.8 ya maji. Hicho ni kikomo cha karatasi, kwa kuwa sehemu ya magnesiamu hunyonywa, lakini unaona kwa nini mama hakulala. Ni dozi ya juu kabisa ya mtu mzima kwa siku nzima, aliyopewa mara moja, juu ya laktulosi iliyokuwa bado njiani. Mililita 30 zingetosha kuanzia, na glasi nzima ya maji juu yake.

Maji hayo yanatoka mwilini mwake, hayashuki kutoka mbinguni. Kwa joto letu la kaskazi, mtu anatoka jasho tangu asubuhi, lita hiyo inaonekana: kizunguzungu akisimama, mdomo mkavu, mkojo mchache wenye rangi kali. Mwezi wa Ramadhani msinywe magnesia wakati wa daku, mtashinda msalani na hamwezi kunywa maji. Inywe baada ya futari.

Na ile magnesiamu kidogo inayonyonywa? Figo nzima huitoa kwenye mkojo. Figo mbovu haiwezi, magnesiamu hujaa kwenye damu, na dalili huanza kwa kichefuchefu, usingizi usio wa kawaida na misuli kulegea, kisha presha na mapigo ya moyo hushuka. Mtu akilegea hivyo apelekwe hospitali mara moja. Magnesiamu pia hushikana na siprofloksasini na tetrasaiklini tumboni, antibiotiki ikapita bila kunyonywa. Siprofloksasini inywewe saa 2 kabla ya magnesia au saa 6 baada yake.

Dawa yoyote kati ya hizi haifai mtu akiwa na maumivu makali ya tumbo, anatapika, tumbo limevimba na hata upepo hautoki. Njia huenda imeziba, na kuongeza maji nyuma ya kizibo ni hatari.

Mama wa Likoni aache ile nyeupe mpaka figo zake zipimwe, maana ana presha ya miaka mingi. Arudie laktulosi kuharisha kukishakoma, mililita 15 asubuhi na 15 jioni, kwa kifuniko cha kupimia kilichokuja na chupa. Asipopata choo baada ya siku tatu amwone daktari. Akianza kupata choo laini bila kukamua, apunguze ibaki 15 kwa siku, na aendelee nayo maadamu anakunywa kodeini.