Kabla ya kuamini grafu yako ya DCC, kagua mabaki

Wiki hii msomaji amenitumia grafu ya DCC, modeli inayokadiria uwiano unaobadilika siku hadi siku, kati ya faharasa ya hisa na hatifungani. Uwiano umeruka kutoka 0.30 hadi 0.47 kwa siku moja, naye anataka kupanga upya uwekezaji wake. Nilimuuliza swali moja: mabaki yako uliyakagua? Hakujibu.

Swali hilo lilinigharimu. Nilipokuwa naandika tasnifu, msimamizi aliniambia mbele ya wenzangu kwamba napoteza muda na hatua ya kwanza, ile inayotoa mabaki, niende moja kwa moja kwenye uwiano. Sikumsikiliza, na hadi leo najivunia. Maneno yale bado yananiuma.

Modeli ya DCC, aliyoichapisha Robert Engle mwaka 2002, ina hatua mbili. Kwanza kila mali inapewa GARCH yake, yaani modeli ya kukadiria mtikisiko wa bei zake, na mapato ya kila siku yanagawanywa kwa mtikisiko uliokadiriwa wa siku hiyo. Yanayobaki ni mabaki sanifu, z. Kisha mabaki hayo yanaendesha uwiano:

```
q12(t) = (1-a-b)*s12 + a*z1(t-1)*z2(t-1) + b*q12(t-1)
r(t)   = q12(t) / sqrt(q11(t)*q22(t))
```

Hapa r ndio uwiano, s12 ni wastani wa muda mrefu, a ni uzito wa mabaki ya jana, b ni uzito wa q ya jana, na q11 na q22 hukokotolewa kwa njia hiyohiyo. Tuchukue a = 0.04, b = 0.94, s12 na q12 ya jana zote 0.30, na q11 na q22 zikiwa 1. Mali zote mbili zimeanguka, z zikiwa -3 na -2.5. Zao la z hizo mbili ni 7.5, hivyo q12 inakuwa 0.588, q11 inakuwa 1.32 na q22 inakuwa 1.21. Uwiano mpya ni 0.47, kama wa msomaji wangu.

Sasa tuseme soko lilikuwa limeshachafuka siku kadhaa, lakini GARCH ya msomaji ilikadiria mtikisiko nusu ya ule halisi. Basi z za kweli ni -1.5 na -1.25. Rudia hesabu: uwiano unafika 0.35 tu. Sehemu kubwa ya mruko ule ni mtikisiko uliovaa sura ya uwiano! Na haufutiki upesi, kwa sababu b ni 0.94: nusu ya athari yake kwenye q12 bado ipo baada ya siku 11 hivi za soko.

Kwa hiyo, ndugu zangu, kagueni mabaki. Chukua z za kila mali, zipandishe kipeo cha pili, uzifanyie jaribio la Ljung-Box. Kama miraba ya leo bado inategemea ya jana, GARCH haijamaliza kazi. Usiguse hatua ya pili. Mara nyingi tatizo ni kwamba anguko la bei linatikisa soko kuliko mpando wa ukubwa uleule, jambo ambalo GARCH ya kawaida hailioni. Jaribu GJR au EGARCH, aina za GARCH zinazolizingatia, kisha kagua mabaki tena. Ndiyo, tena. Uwiano ukibaki juu hata baada ya hapo, hapo ndipo una sababu ya kugusa uwekezaji.