Tawi la git lisizidi umri wa toleo: ushauri kwa wanaoanza katika timu ndogo

Ukijiunga na timu ya watu wachache wanaotoa toleo jipya la programu kila wiki, utakuta mjadala kuhusu njia mbili za kutumia git. Njia ya kwanza ni kufungua tawi kwa kila kipengele na kubaki humo mpaka kipengele kikamilike, hata kama kitachukua mwezi mzima. Ya pili ni kila mtu kurudisha kazi yake kwenye tawi kuu, `main`, kila siku au kila baada ya siku mbili, hata kama kipengele bado hakijakamilika. Nimefanya kazi kwa njia zote mbili, na kwa timu ya namna hiyo napendekeza ya pili, ingawa sababu yangu kubwa si ile inayotajwa mara nyingi.

Wengi huogopa migongano ya kuunganisha matawi, yaani ile mistari ambayo git huizungushia alama za `<<<<<<<` na kumtaka mtu achague. Mgongano wa aina hiyo unachosha, lakini unaonekana, na kazi haiendelei mpaka utatuliwe. Hatari zaidi ni mgongano ambao git haiuoni. Git hulinganisha maandishi na haijui maana ya msimbo, hivyo watu wawili wakigusa faili tofauti itaziunganisha bila kusema lolote, hata kama mmoja amebadilisha jambo ambalo kazi ya mwenzake inalitegemea.

Tuchukue mfumo wa ankara za ada za shule. Kiasi kimehifadhiwa kwa shilingi nzima, na fanksheni iitwayo `jumla` hujumlisha mistari ya ankara. Shule sasa inataka kupokea dola pia, nazo zina senti, kwa hiyo mwenzenu mmoja anafungua tawi ambamo viasi vyote vitahifadhiwa kwa senti. Anabadilisha hifadhidata, kisha anarekebisha kila mahali panapoita `jumla` ili pagawanye kwa 100 kabla ya kuonyesha fedha. Wiki ya tatu, tawi lake likiwa bado halijarudi, mwingine anaandika kwenye `main` faili mpya ya kutuma ujumbe mfupi wa kuwakumbusha wazazi ada, naye anaita `jumla` akijua kwamba inarudisha shilingi.

Siku ya kuunganisha hakuna mgongano hata mmoja, na majaribio yote yanapita. Jaribio la ujumbe linatengeneza ankara yenye kiasi cha 250000 na kutarajia kusoma 250,000, na ndivyo linavyosoma, kwa sababu `jumla` yenyewe haikubadilika. Kilichobadilika ni kipimo cha namba zilizohifadhiwa. Kwenye seva halisi, ada ya shilingi 250,000 sasa imehifadhiwa kama 25000000, na mzazi anapokea ujumbe unaomdai milioni 25.

Mtu anaweza kusema kwamba tiba ni kuingiza `main` kwenye tawi lake kila asubuhi. Desturi hiyo inapunguza migongano inayoonekana, lakini inafanya kazi upande mmoja tu: mwenye tawi anaona kazi za wenzake, ilhali wenzake hawaioni yake. Aliyeandika ujumbe mfupi hakuwa na namna ya kujua kwamba shilingi zinaondoka. Kwa hiyo unapokagua tawi, usitazame tu liko nyuma ya `main` kwa kiasi gani. Tazama pia lina kazi kiasi gani ambayo wengine hawajaipata. Amri hii inatoa namba zote mbili, ya kushoto ikiwa komiti zilizo `main` peke yake, na ya kulia zilizo kwenye tawi peke yake:

```
git rev-list --left-right --count origin/main...HEAD
```

Ukiona kushoto ni 0 na kulia ni 60, tawi hilo si salama kama linavyoonekana.

Sasa tufanye kazi ileile kwa njia ya pili. Siku ya kwanza unaongeza fanksheni mpya kando ya ile ya zamani, na kuirudisha `main` siku hiyohiyo:

```python
def jumla(ankara):  # inaondolewa; tumia jumla_senti
    return sum(m.kiasi for m in ankara.mistari)

def jumla_senti(ankara):
    return jumla(ankara) * 100
```

Mtumiaji haoni tofauti yoyote, lakini kila mtengenezaji atakayefungua faili hiyo kuanzia kesho anajua mambo yanaelekea wapi. Siku zinazofuata unahamisha waitaji wa `jumla` mmoja mmoja, kila badiliko likiwa la faili moja au mbili, mpaka amri ya `git grep -nw jumla` ibakize fanksheni hizo mbili tu. Hapo ndipo unapogusa hifadhidata, nako pia kwa hatua: unaongeza safu mpya `kiasi_senti`, programu inaandika kwenye safu zote mbili, unajaza rekodi za zamani, kisha unahamia kusoma safu mpya. Safu ya zamani ifutwe katika toleo la baadaye, ili toleo la wiki hii likiharibika muweze kurudi kwenye lililotangulia bila kupoteza data.

Kisanduku cha kuchagua dola kwenye ukurasa hufichwa nyuma ya swichi katika mipangilio, ikiwa imezimwa kwenye seva halisi na kuwashwa kwenye seva ya majaribio. Andikeni mapema nani ataiondoa na baada ya toleo lipi, kwani swichi mbili tayari zinazaa hali nne za kujaribu, na tatu zinazaa nane.

Toleo la wiki huhitaji tawi lake, lakini lenye umri wa siku chache. Alhamisi mnakata `toleo-32` kutoka `main`, mnalijaribu, na Jumatatu linakwenda hewani huku wengine wakiendelea na kazi kwenye `main`. Kosa likigunduliwa, lirekebishwe `main` kwanza, kisha komiti hiyo inakiliwe kwenye tawi la toleo kwa `git cherry-pick -x`, ambayo huacha kumbukumbu ya komiti ya asili. Anayerekebisha kwenye tawi la toleo pekee ataliona kosa lilelile likirudi wiki ijayo. Kabla ya kuliacha tawi hilo, endesheni:

```
git cherry -v main toleo-32
```

Mstari unaoanza na `+` unaonyesha komiti ambayo haina pacha wake kwenye `main`. Kama mlilazimika kutatua mgongano wakati wa kuinakili, alama hiyo inaweza kujitokeza bila kosa, kwa hiyo isomeni kabla ya kuhukumu.

Njia hii ina masharti, na bila hayo nisingeishauri. Majaribio ya kiotomatiki lazima yaendeshwe kwa kila badiliko na kumalizika ndani ya dakika chache, na `main` ikivunjika, kuirekebisha au kuliondoa badiliko lililoivunja ndiyo kazi ya kwanza ya siku. Ukaguzi wa msimbo nao usichukue zaidi ya saa chache. Mahali ambapo mabadiliko husubiri mkaguzi siku tatu, matawi yatarefuka hata kama kila mtu anataka yawe mafupi, na hapo tatizo la kushughulikia ni ukaguzi.

Yapo pia matawi yanayostahili kuishi muda mrefu. Kama wateja wenu husimika programu wenyewe na mnatunza toleo la 2 na la 3 kwa pamoja, kila moja linahitaji tawi lake. Vincent Driessen, aliyeeleza mfumo maarufu wa matawi wa git-flow mwaka 2010, aliongeza dokezo mwaka 2020 akizishauri timu zinazotoa programu za wavuti mfululizo zitumie utaratibu mwepesi zaidi, huku akiuona mfumo wake bado unawafaa wenye matoleo kadhaa mikononi mwa watumiaji. Tawi la utafiti nalo linaweza kukaa wiki kadhaa, mradi mmekubaliana tangu mwanzo kwamba litatupwa, na kwamba kitakachofaa ndani yake kitaandikwa upya kwa vipande vidogo kuanzia `main` ya siku hiyo.