Umepewa asidi amino na pH: hesabu protoni kwanza, pI itafuata

Nimesimamia mazoezi ya baiokemia ya mwaka wa kwanza kwa muda sasa, na swali linalowanyima wanafunzi alama kuliko mengine ni hili: unapewa asidi amino, unapewa pH, kisha unaambiwa uchore umbo lililo jingi zaidi kwenye maji hayo. Wengi huchora NH2 upande mmoja na COOH upande wa pili, bila chaji yoyote, kwa sababu ndivyo molekuli inavyochorwa ikitambulishwa kwa mara ya kwanza.

Ushauri wangu wa kwanza ni kuliacha kabisa umbo hilo. Ndani ya maji karibu halipo. Kundi la COOH huachia protoni yake pH ikifika 2 na kidogo, ilhali kundi la amino huishikilia yake hadi pH ipite 9. Ukishusha pH ili COOH ibaki na protoni, amino nayo itakuwa imeshika ya kwake na kuwa NH3+. Ukipandisha pH ili amino ibaki NH2, COOH ilishakuwa COO− zamani. Hakuna pH ambapo vyote viwili vinakaa bila chaji kwa wingi. Kwa glaisini, kila molekuli moja isiyo na chaji popote inazungukwa na zaidi ya laki mbili zenye COO− na NH3+ kwa pamoja. Hizo zenye chaji mbili zinazofutana ndizo zwitterioni.

Ukitaka kuyaona haya kwa macho, chukua glaisini na asidi propioniki, ambazo uzito wa molekuli zake unakaribiana sana, 75 na 74. Asidi propioniki ni kimiminika hata kwenye baridi ya friji, huganda karibu nyuzi 21 chini ya sifuri. Glaisini ni fuwele nyeupe, na ukiipasha moto inaoza ikishapita nyuzi 230 kabla ya kuyeyuka vizuri. Inashikana hivyo kwa sababu molekuli zake zimevutana chanya kwa hasi, kama zinavyovutana ioni za chumvi.

Sasa njia yenyewe, na nitaionyesha kwa asidi glutamiki, ile ambayo Kikunae Ikeda aliitoa kwenye mwani wa kombu huko Tokyo mwaka 1908. Nimeichagua kwa sababu ina kundi la tatu, COOH nyingine kwenye mkono wa pembeni, na hapo ndipo wanafunzi wanapopotea.

Anza kwenye pH ya chini kabisa, ambapo kila kundi lina protoni yake. COOH mbili hazina chaji, NH3+ moja ina chaji chanya, kwa hiyo jumla ni +1. Kisha panga pKa kuanzia ndogo, na kila ukiivuka moja, toa protoni moja na chaji moja. pKa ni pH ambapo nusu ya kundi hilo imeshaachia protoni na nusu bado.

```
+1 --(2.19)-- 0 --(4.25)-- -1 --(9.67)-- -2
```

Mstari huo mmoja unajibu karibu kila kitu. Ukiulizwa pH 7, tafuta inakoangukia: kati ya 4.25 na 9.67, basi umbo lililotawala ni la −1, lenye COO− mbili na NH3+ moja. Ukiulizwa pH 5, bado ni −1, ila halitawali peke yake. Tofauti kati ya 5 na 4.25 ni 0.75, na 10 kwa kipeo cha 0.75 ni kama 5.6. Kwa hiyo kuna molekuli 5.6 za −1 kwa kila moja ya sifuri, yaani asilimia 85 kwa 15. Ukiwa mbali na pKa kwa pH moja, uwiano ni 10 kwa 1. Kwa pH mbili ni 100 kwa 1. Hapo huhitaji tena kikokotoo.

Nukta isoelektriki, pI, ni pH ambapo wastani wa chaji ni sifuri. Itafute kwa kuangalia umbo la sifuri kwenye mstari na kuchukua wastani wa pKa mbili zinazolipakana, kushoto na kulia. Hapa ni 2.19 na 4.25, wastani 3.22. Pale 9.67 haihusiki kabisa, kwa kuwa protoni ile inatoka mbali sana na umbo la sifuri. Anayechukua 2.19 na 9.67 atapata 5.93, na kosa hilo linajionyesha lenyewe ukirudi kwenye mstari: kwenye pH 5.93 asidi glutamiki ina chaji −1 kwa takriban asilimia 98. Haiwezi kuwa pI. Zoea kuhakiki hivyo kila mara.

Namba hii ya 3.22 ina kazi viwandani. Kiungo kile cha unga mweupe wa kuongeza ladha hutengenezwa kwa kulisha bakteria sukari ili wazalishe glutamati. Kisha mchuzi ule huongezwa asidi mpaka pH ishuke hadi karibu 3.2, na fuwele za asidi glutamiki zinazama. Zikiwa na chaji moja ya aina ileile, molekuli zinasukumana na zinapenda maji. Wastani ukiwa sifuri, kinachozitenganisha kinapungua na zinapangana kuwa fuwele. Lita ya maji ya nyuzi 25 inabeba gramu 9 hivi tu za asidi hiyo. Ukizichukua fuwele na kuzirudisha hadi pH 7 kwa hidroksidi ya sodiamu, unapata chumvi ya −1 inayoyeyuka kwa mamia ya gramu kwenye lita hiyohiyo.

Kuna jambo moja ambalo hata wanaofaulu mtihani hawaliangalii. Kuwa kwenye pI si kusema kila molekuli ina chaji sifuri. Glaisini yenye pKa za 2.34 na 9.60 ina pI ya 5.97, na hapo ni kweli kwa asilimia 99.9 na ushee, kwa kuwa pKa hizo ziko mbali sana. Asidi glutamiki kwenye 3.22 ina asilimia 84 tu ya sifuri. Zilizobaki zimegawanyika sawa kati ya +1 na −1, ndiyo maana zinafutana. Lisini ni zaidi. Yenyewe ina kundi la pili la amino kwenye mkono wa pembeni, hivyo inaanzia +2, pKa zake ni 2.18, 8.95 na 10.53, kwa hiyo sifuri iko kati ya mbili za mwisho na pI ni 9.74. Hapo robo nzima ya molekuli zina chaji.

Ukiwa na maabara, jaribu kwenye karatasi ya elektroforesisi yenye bafa ya pH 6. Weka tone la kila moja katikati, washa umeme, kisha nyunyiza ninhidrini, inayozipa asidi amino rangi, na upashe moto. Lisini itakuwa imekwenda kwenye elektrodi hasi, asidi glutamiki kwenye chanya, na glaisini itakuwa karibu pale ulipoiweka. Rudia kwa bafa ya pH 3.2, na safari hii atakayebaki nyuma ni asidi glutamiki. Glaisini itasogea kidogo upande wa hasi, kwa sababu kwenye pH hiyo zaidi ya moja kati ya kumi ya molekuli zake tayari zina +1.