Benefisi ilishuka, tukalaumu bei, kumbe pesa ililala ndani ya depo

Miye na yaya yangu tuko na kenkayeri kule komini ya Kenya, hapa Lubumbashi. Tunauza simenti, misumari, rangi na matole. 2024 ilipoisha kontabli akatuletea bilani: tumeuza dola 252.000, wakati 2023 tulikuwa tumeuza 240.000, lakini benefisi nete ilitoka 14.400 ikaanguka 12.600. Yaya hakungoja hata kufungua ukurasa wa pili. «Ni bei, mudogo wangu. Hawa wa pembeni wanatuvunjia bei.» Akataka tumufukuze kijana mumoja wa depo ili tupunguze matumizi.

Nikamwambia angoja kwanza, tukate hii hesabu vipande vitatu. Ni njia ya zamani sana, ilianzia ndani ya kampuni ya DuPont kule Amerika miaka ya 1910, na kipande cha deni kiliongezwa nyuma. Unachukua benefisi, unaigawanya kwa kapitali yenu wenyewe (si ile ya banki), kisha unauliza hiyo namba imetoka wapi. Marji ni benefisi ngapi kwa kila dola ya mauzo. Mzunguko ni mauzo mara ngapi ya mali yote iliyo ndani ya bilani. Levye ni mali yote mara ngapi ya kapitali yenu, maana yake deni limebeba kiasi gani. Zidisha zote tatu, utarudi palepale.

Yetu ilikuwa hivi. 2023: mali 100.000, kapitali yetu 60.000, basi 6% × 2,4 × 1,67, inatoa 24%. 2024: mali 140.000, kapitali 70.000, basi 5% × 1,8 × 2, inatoa 18%.

Sasa badilisha kimoja kimoja. Marji ikishuka peke yake, 24 inakuwa 20. Ongeza mzunguko ulioshuka, inakuwa 15. Levye ndiyo inarudisha mpaka 18. Ukibadilisha mupangilio, sehemu ya kila kimoja inasogea kidogo, kwa hiyo usigombane na mutu juu ya pointi moja, lakini picha inabaki: kilichotuumiza zaidi ni mzunguko, na deni likafunika kidonda. Kama ungeangalia benefisi juu ya mali yote tu, bila levye, imetoka 14,4% mpaka 9%. Hapo hakuna wa kukudanganya.

Lakini na marji si imeshuka? Yaya alishikilia hapo, na ni swali la haki. Tukafungua matumizi. Mauzo kutoa bei ya kununulia ilikuwa 18% miaka yote miwili, kwa hiyo hakuna jirani aliyetuvunjia bei. Kipya kilikuwa riba ya banki, dola 3.000. Tulikopa 30.000 mwezi wa tatu, 12% kwa mwaka, na miezi kumi ilikuwa imepita. Rudisha hiyo riba juu ya benefisi, marji inakuwa 6% na kidogo, sawasawa na zamani (kodi nimeiacha pembeni ili hesabu ibaki nyepesi). Hapa ndipo watu wengi wanapotea: vipande hivi havikai mbalimbali. Mali ikilala unakopa ya kuibeba, riba inaingia ndani ya marji, nawe unalaumu bei au mufanyakazi.

Ilikuwa imelala wapi? Mali iliongezeka 40.000. Stoki ilichukua 25.000, deni la bakiliya 15.000. Tukaenda depo. Nyuma ya mifuko ya simenti kulikuwa matole ya BG 28 tuliyoingiza kupitia Kasumbalesa mbele ya kiangazi, tukijua watu watajenga. Walijenga kweli, lakini walinunua BG 32, ni nyembamba na bei yake iko chini. Tulipoinua ya chini tukakuta alama nyeupe kama chaki, maji ya mvua yaliingia katikati ya karatasi, na tole la alama hivyo mukiliya anakukatia bei palepale. Upande wa deni la bakiliya, ni wajengaji wawili tu. Kwa wastani tulikuwa tunangoja siku 23 kulipwa, ikawa 43, na hakuna aliyeona kwa sababu kila mumoja alikuwa analipa «kidogo kidogo».

Kijana wa depo alibaki. BG 28 tuliuza kwa bei ya kununulia, yaya roho ilimuuma, pesa yote ikaenda kupunguza mukopo.

Jambo moja la kuangalia kama unafanya hii kwako: bilani ni picha ya siku moja, tarehe 31/12. Sisi mwezi huo tunanunua kidogo juu ya mvua, kwa hiyo mzunguko unaonekana muzuri kuliko ulivyo. Sasa nachukua mali ya kila mwisho wa mwezi, nafanya wastani wa 12. Mwezi wa nane ndio unanitisha zaidi.